Imeili ya urefu wa lupu, fremu kwa sekunde na fomati ya faili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kati ya animeta wa kujitegemea na studio ndogo

Maswali haya yanajirudia kila kazi mpya inapoanza, mengine yanatoka kwa maanimeta na mengine kwa watu wa studio wanaopokea faili. Ili majibu yasielee hewani nimetumia kazi moja mpaka mwisho: ndege mdogo wa katuni anayepiga mabawa akiwa amesimama hewani, hana bakigraundi, na studio inataka kumweka kwenye video yao halafu pia kwenye tovuti.

## Mambo ya msingi

Hii imeili ni ya nini hasa, na inatumwa lini?

Inatumwa kabla hujachora hata mchoro mmoja wa mwisho. Ukishapewa kazi na mkaelewana ndege anafanya nini, unaandika imeili moja fupi inayosema vitu vitatu: lupu ina fremu ngapi, fremu ngapi kwa sekunde, na utawapa faili za fomati gani. Halafu unasubiri wakujibu kwa maandishi kwamba wamekubali.

Watu wengi wanadhani haya ni mambo ya kupanga siku ya kueksipoti, lakini hapana, hizi namba zinaingia ndani ya uchoraji wenyewe. Ukichora mabawa yanayozunguka kwa fremu 8 halafu studio wakasema wanataka 30 kwa sekunde badala ya 24, spidi ya mabawa imebadilika, mdundo wa mwili umebadilika, na hakuna kitufe cha kurekebisha bila kuharibu kitu (ona swali la studio yenye taimulaini ya 30). Na hizo tatu zinashikana, huwezi kugusa moja ukaacha mbili.

Imeili yenyewe inakaaje? Naomba mfano.

Huu hapa wa yule ndege. Unaweza kuuchukua ukabadilisha namba, ila usiurefushe sana, mtu wa studio anausoma akiwa na kazi nyingine tano mkononi.

> Habari zenu,
>
> Kabla sijaanza kuchora ndege, naomba tukubaliane haya.
>
> Lupu itakuwa na fremu 48, kuanzia 0000 mpaka 0047. Kwa fremu 24 kwa sekunde hiyo ni sekunde 2 kamili. Fremu ya 0047 inaungana na 0000 moja kwa moja, kwa hiyo msiongeze wala kukata fremu yoyote mwishoni.
>
> Ndani ya hizo 48 mabawa yanapiga mara 6, mwili unapanda na kushuka mara 2, na jicho linapepesa mara 1. Nachora kila mchoro unakaa fremu 2, yaani michoro 12 kwa sekunde.
>
> Nitawapa: folda ya PNG zenye uwazi, 1080 kwa 1080, ambayo ndiyo faili kuu, MOV ya ProRes 4444 yenye uwazi kwa ajili ya mtu wa edit, na WebM ya VP9 kwa ajili ya tovuti. MP4 nitatuma ya kuangalia tu, haina uwazi, msiitumie kwenye kazi ya mwisho.
>
> Naomba mnijibu vitu viwili: taimulaini ya video yenu ni fremu ngapi kwa sekunde, na je tovuti lazima ifanye kazi kwenye Safari? Nikishapata majibu naanza.
>
> Asanteni.

Angalia yale maswali mawili ya mwisho. Imeili ikitoa maelezo tu bila kuuliza kitu, mtu anajibu "sawa" bila kusoma. Ukimuuliza taimulaini yake ni ngapi, inabidi akafungue projekti aangalie, na hapo ndipo wengi wanagundua kumbe projekti yao iko 30 na sio 24 kama walivyokuwa wanadhani.

Nikiandika tu "lupu ya sekunde 2" haitoshi?

Haitoshi. Sekunde 2 kwa mtu wa 24 ni fremu 48, kwa wa 25 ni 50, kwa wa 30 ni 60. Fremu ndicho kitu halisi ulichochora, sekunde zinatokana na namna mtu anavyozichezesha. Sema fremu kwanza, halafu spidi, halafu sekunde iwe kama njia ya kuhakikisha hesabu: 48 gawa kwa 24 ni 2, safi.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Folda ya PNG haina spidi ndani yake kabisa! Ni picha tu zilizopangwa kwa namba. Programu inayozipokea ndiyo inakisia, na kila moja inakisia kivyake: `ffmpeg` usipoiambia inachukua 25, na After Effects kwenye mpangilio wake wa kawaida inachukua 30. Kwa hiyo ndege wako wa sekunde 2 anaingia kwenye After Effects anakuwa wa sekunde 1.6, mabawa yanapiga haraka kama ameogopa kitu, na mtu wa studio anakuandikia kwamba animesheni ni ya kasi sana. Animesheni haina shida, yeye hakuambiwa 24. Namba ikiwa kwenye imeili, na mimi naiweka hata kwenye jina la folda, `ndege_48f_24fps`, hilo linaisha.

## Urefu wa lupu

Fremu ya mwisho si inatakiwa ifanane na ya kwanza ili lupu ifunge?

Hapana, na hili ndilo kosa la lupu ninaloliona kuliko yote. Fremu inayofanana na ya kwanza ni ile ambayo ingekuja baada ya ya mwisho. Kwenye ndege wetu unaweka kiifremu ya mabawa kwenye 0, unaweka kiifremu hiyohiyo kwenye 48, programu inajaza katikati, halafu unarenda kuanzia 0 mpaka 47. Ile ya 48 hairendwi, kwa sababu ikicheza 47 inayofuata ni 0, ambayo ndiyo hiyo 48.

Ukirenda mpaka 48 unapata fremu 49, na pozi moja linaonekana mara mbili mfululizo kila lupu inapozunguka. Kwa macho ni kama ndege anakwama kidogo sana hewani kila baada ya sekunde 2. Mtu hawezi kukuambia nini kimetokea, atakwambia tu "haiko smuzi". Ukichora kwa mkono inaonekana zaidi, maana kama kila mchoro unakaa fremu 2 na ukarudia mchoro wa kwanza mwishoni, unapata pozi moja limekaa fremu 4 mahali ambapo mengine yote yanakaa 2.

Njia ya kujua: hesabu fremu za faili. Kama ulisema 48 na faili ina 49, umeshapata jibu. Amri hii inazihesabu zote na kukuonyesha spidi pia:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -count_frames \
  -show_entries stream=r_frame_rate,nb_read_frames \
  -of default=nw=1 ndege.mov
```

Inatakiwa iseme `24/1` na `48`. Kama studio wana mtu anayejua kufungua teminali mpe hii amri kwenye imeili ya kukabidhi kazi, inaokoa mabishano.

Studio wanataka niongeze kitu kingine kinachojirudia, mfano mkia. Lupu itaharibika?

Inategemea mzunguko wa hicho kitu unaingia mara ngapi kwenye 48. Ndege wetu ana mabawa ya fremu 8, 48 gawa kwa 8 ni 6, hakuna kinachobaki. Mwili ni fremu 24, unaingia mara 2. Jicho linapepesa mara moja tu kwa hiyo halina shida.

Sasa wameomba mkia unaotikisika, na wewe ukachora mzunguko wa fremu 10 kwa sababu kwa macho ndio ulipendeza. 48 gawa kwa 10 ni 4 na zinabaki 8. Maana yake lupu inapofika mwisho mkia umefika fremu ya nane ya mzunguko wake, halafu ghafla unarudi mwanzo, fremu mbili zimerukwa. Mabawa yanaungana vizuri, mwili unaungana vizuri, mkia peke yake unadunda, na kwa kuwa ni mdogo unaweza usiuone mpaka umeshatuma.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubadili mkia uwe fremu 12 au 16, zote zinaingia kwenye 48, na mtazamaji hatajua tofauti ya fremu mbili. Ya pili ni kurefusha lupu nzima mpaka namba zote zikutane, na hapo ni ile KDS tuliyofundishwa shule ya msingi, kigawe kidogo cha shirika: cha 48 na 10 ni 240. Yaani sekunde 10, faili mara tano ya ulichokubaliana. Mimi karibu kila mara nachagua ya kwanza na ninawaandikia studio kabisa kwamba mkia utakuwa wa fremu 12 ili lupu ibaki 48, wasije wakadhani nimepunguza kitu kwa uvivu.

Lupu ya sekunde 2 si itachosha macho?

Kama inakaa kwenye skrini muda mrefu, ndiyo, na kinachochosha siku zote ni lile tukio linalotokea mara moja. Mabawa hata yakipiga siku nzima hakuna anayehesabu, ila jicho kupepesa kila baada ya sekunde 2 kamili mtu analishika haraka sana. Wapendekezee studio lupu mbili za fremu 48, moja ya kawaida na moja yenye kupepesa, zote zinaanza na kuishia pozi moja, halafu wao wanazipanga: tatu za kawaida, moja ya kupepesa. Hiyo ni kazi ndogo kuliko kuchora lupu ndefu, lakini lazima iandikwe kwenye imeili kwamba ni faili mbili.

## Fremu kwa sekunde

Kama nachora michoro 12 tu kwa sekunde, kwa nini nisiseme 12 badala ya 24?

Kwa sababu 24 ni spidi ya faili na 12 ni namna unavyochora ndani yake. Kuchora kwa mbilimbili, mchoro mmoja unakaa fremu mbili, ni utaratibu wa siku zote kwenye katuni za mkono, na uzuri wa kubaki na faili ya 24 ni kwamba sehemu ikihitaji kwenda haraka unaweza kuchora kila fremu hapo tu. Mfano ndege akishtuka na kichwa kigeuke kwa fremu 3, kwenye faili ya 12 huna pa kuiweka.

Ila studio lazima wajue, maana mtu wa edit akipita fremu moja moja ataona kila picha imejirudia na atadhani faili imeharibika kwenye kurenda. Ndiyo maana ile sentensi ya "kila mchoro unakaa fremu 2" ipo kwenye imeili.

Studio wanasema taimulaini yao ni 30. Wakiingiza ndege wa 24 nini kinatokea?

Programu itashikilia sekunde 2 zibaki sekunde 2, na ili zitoshe fremu 60 za taimulaini yao itarudia baadhi. Kwenye mchoro wa mbilimbili angalia kinachotokea: kila mchoro ulikuwa na sehemu ya 12 ya sekunde, na kwenye 30 hiyo ni fremu mbili na nusu. Nusu fremu haipo, kwa hiyo mchoro mmoja unakaa fremu 2, unaofuata 3, tena 2, tena 3. Mabawa yetu yana michoro minne tu, kwa hiyo mmoja unapata 2, mwingine 3, mwingine 2, mwingine 3, na mpangilio huo unajirudia palepale kila pigo. Bawa linachechemea, na kwa vile ni dogo na la haraka jicho linaliona.

Cha kushangaza, 60 haina hilo tatizo kwa mchoro wa mbilimbili: 60 gawa kwa 12 ni 5 kamili, kila mchoro unakaa fremu tano. Kwa hiyo studio wakisema wana 60, tulia. Ila ile sehemu uliyochora fremu kwa fremu itachechemea kidogo, kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 24.

Kama ni 30 na hawawezi kubadilisha, chora kwa 30 toka mwanzo. Mbilimbili ya 30 ni michoro 15 kwa sekunde, na lupu ya sekunde 2 inakuwa fremu 60, ambayo inapokea mizunguko ya 10, 12, 20 na 30. Mabawa unayafanya ya fremu 10, yaani michoro mitano, na unapata mapigo 6 yaleyale. Ni mchoro mmoja zaidi kwenye bawa. Ukijua mapema hiyo sio kitu, ukijua baada ya kupaka rangi ndege mzima inauma.

Na wakiwa na 25, au ile 23.976?

25 njia nyepesi ni kumwambia mtu wa edit aisome faili kama ya 25, asiibadilishe. Fremu zinabaki 48 zilezile, hakuna inayorudiwa, lupu inakuwa sekunde 1.92 badala ya 2. Kwa ndege anayeelea hakuna atakayejua. Kwa kitu kinachofuata muziki au sauti ya mtu, atajua.

23.976 kwa ukweli ni 24000 gawa kwa 1001, na hapo pia mwambie aisome hivyo. Lupu inakuwa sekunde 2.002, sio ya kukunyima usingizi. Akiacha programu ibadilishe yenyewe, muda utaishia kwenye fremu moja kurudiwa au kurukwa mahali usipopategemea.

Lupu inatakiwa ifuate mdundo wa muziki. Nahesabuje?

Omba midundo kwa dakika, halafu tafuta mdundo mmoja ni fremu ngapi: 60 gawa kwa midundo, zidisha kwa 24. Muziki wa midundo 120 unatoa fremu 12 kwa mdundo, kwa hiyo fremu 48 ni midundo minne kamili, ndege wetu anaingia bila kuguswa na mwili wake unashuka kila midundo miwili.

Muziki wa midundo 100 ni habari nyingine. Mdundo mmoja unakuwa fremu 14.4, midundo minne 57.6, na huwezi kurenda fremu sita ya kumi. Ukikata kwenye 58, kila lupu inachelewa kidogo, na baada ya mizunguko kumi ndege amechelewa fremu 4 nyuma ya ngoma, kila mtu anaona. Kwenye 30 mdundo huohuo ni fremu 18 kamili, midundo minne ni 72. Kwa hiyo hapo mimi ndiye ninayewaomba studio tuhamie 30. Wakikataa, lupu ya kwanza kwenye 24 inayofunga na muziki ukiupanga kwa minne minne ni midundo 20, fremu 288, sekunde 12, na hiyo ni kazi kubwa ya kujadiliana upya.

## Fomati ya faili

Kwa nini uwape PNG na MOV na WebM, sio faili moja tu?

Kila moja ina kazi yake. PNG ndiyo kuu kwa sababu haipotezi chochote, ina uwazi kamili, na fremu moja ikiharibika unarenda hiyo moja tu. MOV ya ProRes 4444 inabeba uwazi na inabeba spidi ndani yake, mtu wa edit anaiburuta kwenye taimulaini akamaliza. Hiyo 4444 iandikwe kamili, sio "ProRes" tu, maana ProRes 422 haina uwazi na watu wanazichanganya. WebM ni nyepesi, ni ya tovuti.

MOV na WebM zote natoa kwenye folda ileile ya PNG ili zisitofautiane:

```
ffmpeg -framerate 24 -i ndege_%04d.png \
  -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le ndege.mov

ffmpeg -framerate 24 -i ndege_%04d.png \
  -c:v libvpx-vp9 -pix_fmt yuva420p ndege.webm
```

Ile `-framerate 24` iwe kabla ya `-i`, ndiyo inayoua ule ukisiaji wa 25. Na hiyo `a` kwenye `yuva` ndiyo alfa, ukiisahau uwazi umeondoka.

Tumefungua MP4 na ndege ana bakigraundi nyeusi. Uwazi umeenda wapi?

MP4 ya kawaida ya H.264 haina sehemu ya kubeba uwazi, kwa hiyo palipokuwa wazi pamejazwa rangi. Hakuna mpangilio wa kueksipoti utakaorekebisha. Ndiyo maana imeili inasema MP4 ni ya kuangalia tu. Mimi naweka rangi ya kijivu nyuma makusudi kwenye ile ya kuangalia, na neno "JARIBIO" juu, ili isiingie kwenye kazi ya mwisho kwa bahati mbaya.

Studio wanataka GIF. Kuna shida?

Shida zipo, ila kwa ndege huyu zinadhibitika. GIF ina rangi zisizozidi 256 kwa fremu, na uwazi wake ni wa ndiyo au hapana, pikseli ipo au haipo. Kingo laini za manyoya zitakuwa na meno, na kivuli laini hakitawezekana. Ukijua ni GIF toka mwanzo, mchore ndege kwa rangi chache na laini nene za nje.

Ya spidi ndiyo inayowachanganya watu. GIF inapima muda kwa sehemu za mia za sekunde, namba nzima tu. 24 kwa sekunde ingehitaji 4.17, haipo, ukiandika 4 umepata 25. Na usijaribu kwenda chini sana, brauza zikikuta 0 au 1 zinaipuuza na kuchezesha kwa 10, yaani ndege anakuwa kobe. Sisi tuna michoro 12 kwa sekunde, kwa hiyo tunahitaji 8.33 kwa kila mchoro. Ukiweka 8 kwa yote 24 unapata sekunde 1.92. Ukitaka 2 kamili, panga dilei 8, 8, 9 zikijirudia: hizo tatu zinajumlisha 25, robo sekunde kamili, na vikundi vinane vinatoa sekunde 2. Tofauti ya 8 na 9 haionekani kwa macho. Na hakikisha lupu imewekwa 0, ambayo kwenye GIF inamaanisha isikome.

WebM inafanya kazi Chrome lakini kwenye iPhone ndege ana boksi nyuma yake. Kwa nini?

Kwa sababu Safari haionyeshi uwazi wa VP9, ndiyo maana imeili iliuliza. Safari ina njia yake, HEVC yenye alfa ndani ya MOV, ambayo Apple waliileta 2019 na iOS 13. Kwa hiyo tovuti inayotakiwa ifanye kazi kote inahitaji faili mbili za video. Kwa lupu fupi ya ndege mdogo kuna chaguo jingine, WebP au APNG ya animesheni: zinabeba uwazi wote laini, brauza za sasa zinazisoma, na APNG inaandika muda kama sehemu kwa hiyo 1/12 inakaa sawasawa bila kuzungusha namba. Uzito utaongezeka ukilinganisha na video, pima kabla ya kuahidi.

## Yanayotokea mara chache lakini yanasumbua

Ndege ana mstari mweusi mwembamba kuzunguka kingo. Faili ni mbovu?

Kwa kawaida faili ni nzima, imesomwa vibaya. Kuna namna mbili za kuhifadhi pikseli iliyo nusu wazi: rangi yake ikiwa kamili, au ikiwa tayari imezidishwa na uwazi na kuchanganywa na nyeusi. PNG kwa viwango vyake ni ya namna ya kwanza. Faili ikihifadhiwa kwa namna ya pili halafu ikasomwa kama ya kwanza, ile nyeusi inajitokeza kwenye kingo, hasa ndege akiwekwa juu ya anga jeupe. Mtu wa edit aingie kwenye mpangilio wa kutafsiri faili abadilishe kati ya `Straight` na `Premultiplied` aone. Kama haitoki kwa zote mbili, basi ilichanganywa wakati wa kurenda na ni juu yangu kurenda upya. Kwenye imeili naongeza neno moja tu, "alfa ni Straight".

Kwangu inaungana vizuri, kwao inaruka kila inapozunguka. Nani yuko sahihi?

Pleya nyingi zinasita kidogo zinaporudi mwanzo wa faili, hata kama faili ni safi. Ili kuwatenganisha, unganisha lupu nne ziwe faili moja ndefu:

```
ffmpeg -stream_loop 3 -i ndege.mov -c copy jaribio.mov
```

Chezesha hiyo. Sasa maungio matatu yako katikati ya faili ambapo pleya haina sababu ya kusita. Ikiruka kwenye sekunde ya 2, 4 na 6, tatizo ni lupu, rudi kwenye swali la fremu ya mwisho. Ikienda vizuri mpaka sekunde 8 halafu ndo isite, hiyo ni pleya yao. Mimi sasa hivi natuma `jaribio.mov` pamoja na faili zingine bila kuombwa.

Nimeikagua WebM na ffprobe, inasema yuv420p bila ile a. Alfa imepotea?

Si lazima. Kwenye WebM ya VP9 alfa inakaa pembeni ya picha, na kisomaji cha kawaida cha VP9 kwenye matoleo mengi ya `ffmpeg` hakiiangalii. Tafuta kwenye maelezo ya faili kama kuna `alpha_mode : 1`. Ikiwepo, ilirendwa na uwazi. Ukitaka kuibadilisha kuwa kitu kingine, weka `-c:v libvpx-vp9` kabla ya `-i`, la sivyo uwazi unaachwa njiani.

Walikubali fremu 48 kwa 24, sasa kazi imeisha wanataka sekunde 3. Nafanyaje?

Kwanza waonyeshe kinachotokea kwa njia ya mkato. Kunyoosha 48 ziwe 72 bila kuchora ni kurudia fremu moja kati ya kila mbili, kwa hiyo kila mchoro wa fremu 2 unakuwa wa fremu 3, michoro 8 kwa sekunde. Haichechemei, inagawanyika sawasawa, ila mabawa yanatoka mapigo 3 kwa sekunde na kuwa 2, na ndege anayepiga mabawa mara 2 kwa sekunde haonekani kuelea, anaonekana anazama. Watumie hiyo waione.

Halafu uliza wanataka nini hasa. Mara nyingi hawataki ndege wa polepole, wanataka ajaze sekunde 3 za nafasi kwenye video, na hapo jibu ni lupu moja na nusu. Kwa kuwa mwili unamaliza mzunguko kwenye fremu ya 24, mtu wa edit anaweza kukata fremu 72 na ndege anaishia kwenye pozi safi, hakuna cha kuchora. Kama ni lupu ya sekunde 3 yenye mambo mapya ndani yake, hiyo ni fremu 24 za nyongeza, na unajibu juu ya ileile imeili ya mwanzo, chini ya pale walipoandika wamekubali, ukisema fremu ngapi zinaongezeka, zipi zinabaki, na zitachukua muda gani.

Na kama hawakuwahi kujibu imeili ya kwanza?

Usianze kupaka rangi. Chora mabawa na mwili kwa penseli tu, fremu 48, tuma kama MP4 yenye namba za fremu zimeandikwa kwenye kona, na uandike "nasubiri mnithibitishie 48 kwa 24 kabla ya kuendelea". Watu wa studio wasiojibu maneno wanajibu picha, na wakisema "sogeza kidogo fremu ya 30" ujue tayari mnahesabu kwa namba moja. Bado waombe waandike kwamba wamekubali.